Kiganja cha Marehemu

Juma lililopita tulimwacha marehemu ameketi kwenye kiti cha Bi Kadi, mkono wake wa kulia juu ya meza, akisubiri kuambiwa kama yuko hai.

Kwa waliokosa gazeti, au waliofungia nalo kitu kabla ya kulisoma, mambo yenyewe ni haya. Mshonaji wa mtaa wa juu anaolewa Jumamosi na Fundi Saa. Mume wake wa kwanza, karani wa stoo ya reli, alitoka nyumbani asubuhi moja miaka kumi na minane iliyopita kwenda kununua betri za redio, asirudi. Miaka saba ilipotimia hakimu akamtangaza kuwa amefariki, mshonaji akapewa cheti. Sasa, siku sita kabla ya harusi, ametokea mtu mwenye ndevu, pua iliyovunjika na sauti ya kukwaruza, anayesema kwamba aliyeandikwa kwenye cheti hicho ni yeye.

Ndugu wa damu hana hata mmoja aliye hai, kwa hiyo hospitali haina wa kumlinganisha naye. Picha ya harusi iko moja tu, na humo bwana harusi amegeuka kupiga chafya.

Kilichobaki ni kadi.

Bi Kadi alikuwa karani wa vifurushi posta hadi alipostaafu. Kwa miaka thelathini amekuwa akisoma viganja katika chumba kilicho juu ya duka la fundi viatu, na kila aliyepita mikononi mwake ameacha chapa ya viganja vyote viwili kwenye kadi ngumu, yenye tarehe, ndani ya droo. Mshonaji na karani walimwendea walipokuwa wachumba. Kadi ya karani ilikuwapo.

Fundi Saa naye hakuja mikono mitupu. Alikuja na Profesa, anayesoma viganja redioni kila Jumapili mchana.

Na ni Profesa aliyeweka kadi kando ya mkono wa mgeni, akainama, kisha akapiga ukelele: kwenye kadi mstari wa maisha umekatika katikati! Kwenye mkono wa huyu mtu umeshuka mzima hadi kwenye kifundo! Mwenye kadi alikufa kijana. Huyu ni tapeli.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa tuendelee.

Fundi Saa alisikia furaha ikimpanda kifuani, akaona haya, ikaendelea kupanda vilevile. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inachelewa kwa dakika tatu.

"Profesa," Bi Kadi alisema, akifuta miwani yake kwa upindo wa blauzi. "Umeshika mkono upi wa huyu bwana?"

"Wa kulia. Mwanamume husomwa kulia, mwanamke kushoto. Hilo hata wasikilizaji wangu wanalijua."

"Na kwenye kadi unatazama mkono upi?"

"Wa kulia pia. Huu hapa, dole gumba liko upande wa kulia."

"Huo ni wa kushoto."

Profesa alitabasamu kama mtu anayemsamehe mzee. "Bi Kadi, mimi nina macho."

Bi Kadi hakubishana. Alipitisha rola kwenye kioo chenye wino, akaipitisha kwenye kiganja chake mwenyewe cha kushoto, akakibandika juu ya karatasi na kukibandua. Kisha akaisogeza ile karatasi katikati ya meza.

Dole gumba lilikuwa upande wa kulia.

"Ukitazama kiganja, unakitazama usoni," alisema. "Ukikipiga chapa, kinageuka. Chapa ya kushoto inafanana na kiganja cha kulia, na ya kulia inafanana na cha kushoto. Ndiyo maana kila chapa nimeiandikia."

"Umeandika K!" Profesa alisema. "Kulia!"

"Kulia naandika K. Kushoto naandika K yenye nukta."

Profesa aliinama karibu. "Nilidhani ni uchafu."

"Ni nukta."

Furaha ya Fundi Saa ikashuka ngazi mbili.

"Sawa," Profesa alisema, akijikusanya. "Uwe wa kushoto. Lakini umekatika! Mstari wa maisha uliokatika ni uliokatika."

"Fundi," Bi Kadi alimgeukia Fundi Saa, "wewe una macho ya kazi. Mistari kwenye chapa ina rangi gani?"

Fundi Saa alitazama. "Nyeupe."

"Kwa sababu wino hauingii ndani ya mkunjo. Ngozi iliyobaki inashika wino, ndiyo hiyo nyeusi, na ukitazama vizuri imejaa mifuo midogo kama ile ya alama za vidole. Sasa, mstari ukikatika kweli, pale ulipokatika utaona nini?"

Alifikiri. "Weusi. Ngozi imepita katikati."

"Na pale unaona nini?"

"Peupe tupu. Doa zima jeupe. Hata mifuo haipo."

"Basi hapakukatika kitu. Katikati ya kiganja pana shimo, na miaka ile nilikuwa naweka karatasi juu ya mbao kavu, shimo haligusi chini. Siku hizi naweka sponji." Alimtazama Profesa. "Umemuua mtu kwa kukosa sponji."

Yule mgeni, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya maneno kumi, alikohoa. "Kwa hiyo nipo?"

"Bado," alisema Bi Kadi. "Leta mikono yote miwili."

Mshonaji alikuwa amekaa karibu na dirisha na mkoba wake mapajani, pini mbili bado zimechomekwa kwenye kola. Hakuwa amesema lolote. Fundi Saa alimtazama apate japo ishara. Mshonaji alikuwa anatazama ngazi.

Bi Kadi alilaza mikono ya mgeni juu ya taulo, viganja juu, akaweka kadi katikati.

"Kuna wanaosema mwanamume kulia, mwanamke kushoto," alisema, kama mtu anayesoma masharti ya posta. "Kuna wengine, nchi za mbali huko, wanasema kinyume chake, na wao pia wana wateja. Mimi nilikuwa nafuata hivyo mpaka nilipoona wanawake wangapi walikuwa wananipa mkono ambao hawaufanyii kitu. Tangu hapo nasoma kwa kazi. Mkono unaoutumia naita mkono wa kazi. Ule mwingine naita mkono wa kuzaliwa. Wa kuzaliwa unaonyesha ulikuja na nini. Wa kazi unaonyesha umekifanya nini. Sisomi mmoja. Nasoma miwili, na habari iko kwenye tofauti."

"Na mistari inahama?" Fundi Saa aliuliza. Alikuwa mtu wa kupenda kujua kitu kinavyofanya kazi, hata kama kinamvunjia harusi.

"Mitatu mikubwa haihami. Wa maisha, wa akili, wa moyo: hiyo mtoto anaipata tumboni mwa mama yake, na njia yake ni ile ile mpaka kaburini. Kinachobadilika ni kina chake, ncha zake, matawi yanayochipuka, visiwa, yaani vile vitundu vidogo mstari unapogawanyika na kuungana tena, vinavyofunguka na kufunga. Halafu kuna ile myembamba kama unywele. Hiyo inakuja na kuondoka, mingine ndani ya miezi. Ukiwa mgonjwa inajaa. Ukizeeka ngozi inakonda, inajaa tena. Na mkono wa kazi unabadilika kuliko mwenzake. Kwa hiyo kama huyu ndiye mwenye kadi, tutaona kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Wa kulia umebadilika sana, wa kushoto kidogo. Kadi inasema." Aliweka kidole chini ya mwandiko wake wa zamani. *Mkono wa kazi: kulia.*

Kisha akainama. Chini, fundi viatu alikuwa anagonga kisigino.

Alianza na wa kulia. Alipita na mstari wa moyo, akapita na wa akili, akapita na vijitawi. Alitumia sindano ya kufumia kama kielekezo. Alichukua muda.

"Vipi?" Profesa aliuliza.

"Uko vilevile. Kila kitu kipo. Hata huu msalaba mdogo chini ya kidole cha kati."

Akahamia wa kushoto. Hapo sindano ikasimama.

Kiganja cha kushoto kilikuwa kigumu kama soli. Sugu zilikuwa zimejipanga chini ya vidole. Mstari wa akili, ambao kwenye kadi uliishia safi, sasa uligawanyika ncha mbili. Na kutoka kwenye kifundo hadi chini ya kidole cha kati ulipanda mstari mrefu, wa kina, ambao kwenye kadi haukuwapo kabisa: mstari wa majaaliwa.

Bi Kadi alivua miwani. Akaivaa. Akaitazama kadi tena, kana kwamba huenda ilibadilika alipokuwa hatazami.

"Semaaa," Profesa alisema.

"Uliobadilika ni wa kushoto."

"Yaani wa kuzaliwa!"

"Kwa mujibu wa kadi."

"Ule usiobadilika umebadilika, na unaobadilika haukubadilika!" Profesa alisimama. Alikuwa na sauti nzuri, na aliijua. "Bibi mwenyewe ametoa sheria, bibi mwenyewe ameona. Huyu si yeye! Fundi, nenda kachukue suti yako."

Furaha ya Fundi Saa ilirudi mbio, mara hii bila haya. Alimtazama mgeni, akangoja amwone akitetemeka. Mgeni alikuwa anaitazama mikono yake kwa makini, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepewa mizigo ya mwenzake.

Bi Kadi alisogeza taa ndogo ya spiriti chini ya kioo cha wino. "Wino umeganda," alisema, bila kumtazama mtu. "Tutapiga chapa mpya, niweke kumbukumbu." Akachukua kiberiti na, bila onyo, akakirusha upande wa pili wa meza. "Niwashie hiyo."

Mgeni alikidaka. Akatoa njiti, akawasha, akapeleka moto kwenye utambi, akazima njiti kwa kuitikisa.

Yote hayo kwa mkono wa kushoto.

Moto wa bluu ulisimama wima. Wale wengine wanne waliutazama.

"Bwana," Bi Kadi alisema taratibu, "wewe ni mashoto?"

"Sasa, ndiyo."

"Sasa?"

"Nilizaliwa hivyo. Mwalimu wa darasa la pili alinifunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa dawati mwaka mzima. Nikajifunza kuandika kulia. Kulia nilikula, kulia nilisalimia watu. Ukarani wote niliufanya kulia." Alijikuna ndevu, kwa kushoto. "Nilipoondoka nilienda mahali ambako hakuna aliyenijua. Nikapata kazi ya kuchonga mawe. Siku ya kwanza nikapewa nyundo, nikaishika na kulia, nikajiponda kidole. Nikaishika na kushoto. Miaka kumi na sita sikuiweka chini."

"Unachonga mawe gani?" Fundi Saa aliuliza.

"Ya makaburi."

Profesa alirudi nyuma hatua moja.

"Ulipokuja kwangu," Bi Kadi alisema, "ulinisainia daftari kwa mkono wa kulia. Nikaandika: kazi, kulia. Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Mwandiko mtu hufundishwa. Nilipaswa kumrushia kitu." Alichukua kalamu, akafuta neno kwenye kadi ya miaka kumi na tisa, akaandika jingine juu yake. Fundi Saa aliona kwamba kulifuta neno hilo kulimuuma kuliko mengi. "Mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Basi ndio uliobadilika, na ndivyo inavyotakiwa."

"Maneno ya huyu mtu!" Profesa alifoka. "Tapeli yeyote anaweza kuzaliwa mashoto!"

"Kweli," alisema Bi Kadi.

"Na hadithi ya mwalimu anaweza kuitunga!"

"Kweli vilevile."

Ndipo kwa mara ya kwanza sauti ikatoka dirishani.

"Alikuwa hawezi kukata na mkasi wangu," Mshonaji alisema. "Alikuwa anausogeza mkono wa pili mara tu nikigeuka, na mkasi wa kulia haukati ukiushika kushoto, unatafuna. Alinitafunia mita mbili za pazia. Nikamwambia akae mbali na nguo zangu."

Mgeni aliinamisha kichwa. "Lilikuwa la kijani."

"Lilikuwa la kijani," alisema Mshonaji.

Fundi Saa alihisi kitu kikitoka mwilini mwake taratibu, kama saa inapokwisha ufunguo. Lakini Bi Kadi hakuwa amemaliza.

"Mapazia si ushahidi," alisema. "Hata mistari si ushahidi, kama nilivyokosea mwenyewe kuisoma. Kuna kitu kimoja tu kiganjani kisichobadilika, kulia wala kushoto, kwa kazi wala kwa uzee: ile mifuo midogo ya ngozi. Sugu ikiota inaifunika, ikidondoka inarudi ile ile. Chini ya kila kidole, mifuo inatoka pande tatu na kukutana, kama njia panda. Kutoka njia panda ya kidole cha shahada hadi ya kidole cha kati, kila mtu ana idadi yake. Hesabu kwenye kadi, hesabu kwenye mkono. Ila mimi jicho moja lina ukungu, na la pili linakaribia." Alinyoosha mkono. "Fundi, nipe lenzi yako."

Fundi Saa aliitoa mfukoni, ile ndogo nyeusi anayoibana jichoni akifungua saa za wanawake. Bi Kadi aliipokea, akaijaribu, akairudisha.

"Siwezi kuibana. Hesabu wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine hapa anahesabu vitu vidogo kwa riziki yake?"

Msomaji, jiweke mahali pake. Harusi Jumamosi. Suti iko kwa dobi. Miaka mitano amekuwa akipita mbele ya cherehani ile kila asubuhi na kusema tu habari za kazi, mpaka mwaka huu alipopata ujasiri wa kusema jambo la pili. Sasa amepewa lenzi, na hakuna mwingine chumbani anayeweza kuona atakachokiona. Akisema tofauti ya mfuo mmoja tu, mgeni atashuka ngazi na kwenda zake.

Aliibana lenzi jichoni. Akavuta kadi.

Alihesabu kwa ncha ya sindano, chapa yenye nukta. Arobaini na moja. Karibu na njia panda ya kidole cha kati mfuo mmoja uligawanyika kama uma, ukaungana tena. Akaandika kwenye kipande cha karatasi.

Kisha akauchukua mkono wa mgeni. Ulikuwa wa moto na mzito. Sugu zilificha nusu ya njia, ikabidi augeuze kwenye mwanga wa dirisha, ahesabu, apoteze hesabu, aanze upya. Mgeni alikuwa anapumua kwa kinywa. Mara ya pili alifika mwisho. Mara ya tatu alihakikisha. Akaenda kwenye wa kulia, akafanya hivyo hivyo. Ilimchukua dakika ishirini na mbili kwa saa ya mkononi.

Alitoa lenzi jichoni. Ilikuwa imemwachia duara jekundu.

"Kushoto arobaini na moja, na arobaini na moja," alisema. "Uma upo. Kulia thelathini na nane, na thelathini na nane."

"Maana yake?" Profesa aliuliza, ingawa alijua.

"Ni yeye."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba saa yao haitengenezeki. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, asijue pa kuiweka, akaitia mfuko wa shati.

Profesa alichukua kofia yake. "Redioni tutasema matokeo hayakuwa wazi," alisema, akashuka ngazi. Hakuna aliyemuaga.

"Basi," Fundi Saa alisema, akisimama. "Mimi naona niende dukani. Kuna saa ya mtu."

"Kaa chini, Fundi," alisema Mshonaji.

Alikaa.

Mshonaji alisogeza kiti chake mezani na kufungua mkoba. "Huyu nilimjua Jumapili," alisema. "Alipanda ngazi zangu akiruka ile ya tatu. Ile ya tatu iliharibika mwaka tuliooana, nikaitengeneza mwaka uliofuata kuondoka kwake. Hakuna anayeiruka tena isipokuwa yeye."

Fundi Saa alimgeukia. "Jumapili?"

"Jumapili."

"Na mimi nimeleta Profesa!"

"Nilikuona umefurahi naye."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza mgeni.

"Ningesema ni wewe, mtaa mzima ungesema nakutaka. Ningesema si wewe, ningeingia kwenye ndoa yangu na uongo mkubwa kama kabati. Nilitaka aseme mtu asiye na faida nalo." Alimtazama Fundi Saa, kidogo tu, kisha akatoa karatasi iliyopigwa taipu. "Sikujua itakuwa wewe. Haya. Mtu aliyekufa hawezi kuacha mke. Sasa umekuwa hai, mbele ya mashahidi. Hapa imeandikwa kwamba uko hai na kwamba unaniacha. Kesho tunampelekea hakimu."

Mgeni aliisoma yote, polepole, midomo ikicheza.

"Nilisikia unaolewa," alisema. "Nikaona si vizuri uolewe nami nipo. Nilikuja kusema hivyo tu. Halafu nikaambiwa sipo, nikakasirika."

"Na betri?"

"Zilikuwa zimekwisha dukani."

"Miaka kumi na minane?"

Alichukua kalamu. "Nisaini kwa mkono upi?"

"Ule ulionioa nao."

Alisaini kwa kulia, mwandiko mzuri wa kikarani. Mshonaji aliipuliza saini ikauke. Fundi Saa alivuta pumzi, ikaingia na harufu ya wino na spiriti na gundi ya viatu kutoka chini. Chini ya meza, mkono wa Mshonaji ulikuta wake ukakaa juu yake. Hakuthubutu kuutikisa.

Mambo yangeishia hapo, na sisi tungekuwa tumefika harusini, kama Bi Kadi angenyamaza.

Lakini alikuwa amefurahi. Alikuwa amekosea, akajirekebisha, na sasa alikuwa na mkono mbele yake ambao wasomaji wa viganja huupata mara moja maishani. Alikipiga chapa upya kile kiganja cha kushoto, mara hii juu ya sponji, akainua karatasi kwenye mwanga, na uso wake ukawa wa kijana.

"Tazameni huu wa majaaliwa," alisema. "Ulivyopanda! Mwaka wa nne ulikuwa uzi tu, nusu ya kiganja, na kisiwa katikati. Sasa kisiwa kimefunga, hakikuacha hata alama. Ungeutazama leo usingejua kilikuwapo."

"Hongera," alisema Mshonaji, akikunja karatasi yake.

Fundi Saa hakusema hongera. Yeye hutengeneza saa, na neno likiruka jino analisikia.

"Bi Kadi," alisema. "Kisiwa kimefunga."

"Kabisa."

"Hakikuacha alama."

"Hata moja."

"Na kwenye kadi ya uchumba mstari huu haukuwapo."

"Haukuwapo."

"Basi mwaka wa nne uliuona wapi?"

Sponji la kufutia wino lilikuwa mkononi mwa Bi Kadi. Maji meusi yalianza kudondoka kwenye taulo, tone moja moja.

Mgeni alikuwa ametazama dirishani ghafla, kama kwamba kuna mtu anayemwita mtaani. Hapakuwa na mtu.

Fundi Saa alisimama, akaenda kwenye droo ambayo kadi ilitolewa. Hakuna aliyemzuia. Alipekua kwa ncha za vidole, kama anavyopekua sahani ya skrubu, na nyuma ya mahali ilipotoka kadi ya kwanza akakuta ya pili. Mikono ile ile. Chapa yenye nukta, na katikati yake uzi mweupe uliofika nusu ya kiganja, na kwenye uzi huo kisiwa kidogo kama punje ya mchele. Aliibana lenzi, akahesabu, ingawa hakuhitaji.

"Arobaini na moja," alisema.

Kisha akasoma tarehe kwa sauti. Siku, mwezi, mwaka. Karani alikuwa ametoweka miaka minne kabla ya tarehe hiyo, na hakimu alikuwa bado miaka mitatu mbele.

Mshonaji aliondoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni taratibu. Pini kwenye kola yake zilimeta.

"Mwezi huo nilikuja hapa," alisema. "Mwezi huo huo. Nilikaa kwenye kiti hicho alichokalia yeye. Nilikuuliza kama yuko hai, ukanishika mikono yote miwili, ukaitazama muda mrefu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniambia nishone nguo nyeusi."

Bi Kadi alifungua kinywa.

"Usimjibu," alisema marehemu.